Kubadili rangi ya gauni kwa GIMP kwenye kompyuta ya kawaida

Picha za harusi zina shida moja ambayo kila mwenye studio ndogo ameshaletewa mezani. Kamati imechagua sare, wanawake sita wamepanga kuvaa satini ya kijani cha zumaridi, lakini mmoja wao gauni lake halikutoka kwa fundi kwa wakati. Amekuja na gauni la damu ya mzee, amesimama katikati ya wenzake, na picha ndiyo hiyo inayotakiwa kutundikwa sebuleni. Mteja anakuja na ombi lake: “Kaka, huyu wifi yetu huwezi kumvalisha sare?”

Unaweza. Programu ya kufanyia kazi hiyo ni GIMP, ambayo ni programu huria, hailipiwi, na inapatikana kwenye tovuti yake yenyewe, gimp.org. Ichukue hapo hapo, usinakili kwenye flashi ya mtu usiyejua ameitoa wapi. Nitatumia majina ya menyu kama yanavyosomeka kwenye toleo la 2.10, kwa sababu ndilo linalokaa vizuri kwenye kompyuta zilizo kwenye studio nyingi: linakubali hata Windows 7. Toleo la 3.0 lililotoka mwaka 2025 ni zuri zaidi kwa mambo mengi, lakini linadai Windows 10 au ya juu zaidi, na baadhi ya majina ya menyu yamebadilika kidogo. Kanuni za kazi ni zile zile.

Jambo kubwa nitakalolisisitiza ni hili: usilinganishe rangi kwa macho kwenye skrini ya bei rahisi. Katika picha hii una magauni matano ya rangi unayoitaka, yamepigwa kwa kamera ile ile, kwenye taa zile zile. Soma namba zao, kisha lifikishe gauni la sita kwenye namba hizo. Skrini yako ikiwa ya njano au ya bluu, haitaharibu kitu, maana namba zikilingana ndani ya faili, rangi zitalingana kwenye karatasi.

Kwanza ipunguzie kompyuta mzigo

Kompyuta yenye RAM ya GB 4 inaifanya kazi hii bila taabu, mradi usiibebeshe picha nzima ya kamera. Chukua kamera ya megapikseli 24. Picha yake ina pikseli 6000 kwa 4000, na kila pikseli ya leya yenye uwazi inahitaji baiti 4. Hiyo ni takriban megabaiti 96 kwa leya moja. Ukinakili leya mara mbili, ukafanya mabadiliko matatu, na GIMP ikahifadhi hali ya awali ya kila badiliko ili uweze kurudi nyuma, umeshafika mamia ya megabaiti. RAM ikijaa, programu huanza kuandika kwenye diski, na kama diski yako ni ile ya kuzunguka, kila brashi utakayopitisha itakuja baada ya wewe kungoja.

Kwa hiyo muulize mteja kabla hujafungua chochote: picha inachapwa kwa ukubwa gani? Kama ni inchi 12 kwa 8, kwa nukta 300 kila inchi unahitaji pikseli 3600 kwa 2400 tu. Fungua picha, ikate ilingane na umbo la karatasi, kisha nenda `Image > Scale Image` uishushe hadi hapo. Leya ya picha nzima sasa ni kama megabaiti 35. Swali hili lisirukwe, kwa sababu mteja akirudi wiki ijayo akitaka picha kubwa ya fremu ya ukutani, kazi ya ukubwa mdogo haitatosha na utalazimika kuianza upya.

Acha `Image > Precision` kwenye biti 8. Ukiipandisha hadi biti 16 mzigo unakuwa mara mbili, na kwa picha ya JPEG inayokwenda kuchapwa kwenye karatasi ya kawaida faida yake ni ndogo mno. Halafu ingia `Edit > Preferences > System Resources`. Pale kwenye `Tile cache size` weka takriban nusu ya RAM yako, usizidishe, maana Windows nayo inahitaji pa kupumulia. Funga kivinjari na muziki. Ukitaka kujua hali ilivyo wakati unafanya kazi, fungua `Windows > Dockable Dialogs > Dashboard`: sehemu ya `Cache` ikijaa na ile ya `Swap` ikaanza kupanda, ujue hapo ndipo mwendo utakapopungua.

Hifadhi faili kama XCF sasa hivi, kabla ya kugusa gauni, kwa jina tofauti na la picha ya awali. Umeme haupigi hodi. Kila ukimaliza hatua, bonyeza Ctrl+S.

Sasa njia ya kupunguza mzigo ambayo watu wengi hawaitumii. Nakili leya kwa `Layer > Duplicate Layer`, kisha chora mstatili kulizunguka gauni la wifi peke yake kwa kifaa cha `Rectangle Select`, ukiacha nafasi kidogo pembeni. Nenda `Layer > Crop to Selection`. Leya ya juu sasa imebaki kipande cha gauni tu, tuseme pikseli 550 kwa 1600, yaani chini ya megabaiti 4. Kila utakachokifanya kwenye kipande hicho kitajibu papo hapo, hata kwenye mashine ya zamani. Ipe leya hiyo jina, `gauni`, ili usipotee baadaye.

Kulitenga gauni

Kishawishi cha kwanza ni kutumia kifaa kinachochagua kwa rangi, ubofye gauni na kompyuta ifuate yenyewe. Kwa gauni la damu ya mzee kwenye ngozi ya kwetu, kifaa hicho kitakuangusha. Rangi ya damu ya mzee na rangi ya ngozi ya kahawia iliyo kivulini ni majirani wa karibu. Ukipanua kiwango ili kishike mikunjo ya giza, kinaingia kwenye mkono. Ukikipunguza kisiguse mkono, kinaacha madoa mekundu ndani ya mikunjo. Kile cha `Foreground Select` kina akili zaidi, lakini kwenye kompyuta dhaifu kinaweza kukuweka ukingoja, na bado mpaka wa kwapa utausahihisha kwa mkono.

Tumia `Paths`, yaani kitufe B. Kuza picha hadi asilimia 200, bofya nukta moja baada ya nyingine ukifuata ukingo wa gauni, na pale ukingo unapopinda, buruta nukta ili mstari upinde nao. Weka nukta ndani kidogo ya ukingo, nusu pikseli hivi, usitembee nje. Ukirudi kwenye nukta ya kwanza, shika Ctrl na uibofye ili kuufunga mstari. Kisha bofya `Selection from Path`. Kwa gauni moja refu ni kazi ya kukaa kwa utulivu, na ndiyo inayoamua kama picha itaonekana ya kweli au ya kubandika. Usiharakishe kwenye shingo, kwapa na pindo.

Baada ya hapo nenda `Select > Feather` uweke pikseli 2, maana hakuna ukingo wa kitambaa kwenye picha ulio mkali kama wembe. Hakikisha leya ya `gauni` ndiyo iliyochaguliwa, nenda `Layer > Mask > Add Layer Mask`, uchague `Selection`. Kisha ondoa uteuzi wote kwa `Select > None`. Hatua hii ndogo ina sababu: ukiuacha uteuzi ukiwa hai, mabadiliko ya rangi yatakayofuata yatagusa ndani yake tu, na siku ukitaka kuupanua mpaka kidogo utakuta nje yake bado pekundu.

Vilivyopita mbele ya gauni, kama vidole, mkufu, pochi ya dhahabu au msuko uliolala begani, viondoe kwa kupaka nyeusi kwenye maski kwa brashi laini ya ukubwa mdogo. Ukikosea, paka nyeupe na gauni linarudi. Kitufe X kinabadilishana rangi hizo mbili.

Kwa nini kuzungusha rangi hakutoshi

Njia inayofundishwa sana ni kufungua `Colors > Hue-Saturation` na kusogeza kipimo cha `Hue` hadi nyekundu igeuke kijani. Jaribu, na utaona kifua kimetoka vizuri kabisa. Sasa tazama pembeni. Upande uliopigwa na balbu ya njano ya ukumbi, gauni limekuwa la bluu. Ndani ya mikunjo kuna madoa ya kijani cha majani makavu.

Sababu yake ni hii. Satini haina rangi moja kwenye picha. Pale inapong’aa inachukua rangi ya taa, kwa hiyo nyekundu inaelekea kwenye chungwa, na kivulini inaelekea kwenye zambarau. Kipimo cha `Hue` kinazungusha rangi zote kwa kiasi kile kile, kwa hiyo chungwa linakwenda kuangukia kwenye bluu. Lakini gauni la kijani la kweli, lililosimama chini ya balbu ile ile, lingeelekea kwenye njano. Yaani umeipeleka rangi upande ulio kinyume na ule ambao taa ingeupeleka. Mteja hatajua kueleza kasoro iko wapi, atasema tu kwamba “halijakaa”.

Dawa ni kuiondoa nyekundu yote kwanza, ubaki na mwanga na vivuli vya kitambaa peke yake, kisha ndipo uingize kijani.

Kuiondoa nako kuna namna yake. Amri ya kawaida ya `Desaturate` hupima mwanga kama jicho linavyouona, na jicho huiona nyekundu kuwa nzito na ya giza. Ukiitumia kwenye damu ya mzee utapata kijivu cheusi kisicho na mikunjo. Angalia namba za sehemu ya kati ya gauni hili: nyekundu 110, kijani 25, bluu 40. Karibu habari yote ya kitambaa imo kwenye nyekundu. Kijani na bluu zimelala karibu na weusi, na humo kuna chembechembe nyingi kuliko kitambaa.

Bofya kipicha cha leya ya `gauni`, si kile cha maski, kisha nenda `Colors > Components > Mono Mixer`. Weka `Red` 1.0, `Green` 0 na `Blue` 0. Gauni linakuwa la kijivu, lenye mikunjo yote, na sehemu ya kati inasoma 110 badala ya giza lile. Kama gauni lingekuwa la bluu, ungeitoa habari kwenye bluu, na la kijani kwenye kijani. Lakini angalia bluu kwa makini, kwa sababu kwenye picha za JPEG huwa ndiyo yenye chembechembe nyingi. Ukiona zimezidi, ichanganye na kijani kidogo, kwa mfano 0.7 kwa 0.3.

Ukikuta `Mono Mixer` haifunguki, au gauni haligeuki kijivu, basi umeichagua maski kwa bahati mbaya. Funga dirisha kama limefunguka, bofya kipicha cha leya, anza tena.

Kusoma namba na kuziingiza

Chukua `Color Picker`, kitufe O. Kwenye chaguo zake weka alama kwenye `Sample average` na uipe `Radius` ya pikseli 5, ili usisome chembe moja iliyopotoka. Weka alama pia kwenye `Sample merged` na `Use info window`, na kwenye dirisha litakalofunguka chagua `RGB (0..255)`.

Chagua dada mmoja mwenye kijani aliyesimama karibu zaidi na wifi, anayepigwa na taa kwa upande ule ule. Aliyeko mwisho wa mstari usimtumie, huenda fleshi ilimfikia kwa nguvu ndogo. Kwenye gauni lake soma sehemu tatu: ndani ya mkunjo wa giza, sehemu bapa ya kawaida, na pale satini inapong’aa. Usiguse ule mng’ao mweupe kabisa, hauna rangi ya kukupa. Soma kila sehemu mara mbili au tatu mahali tofauti na uchukue wastani. Andika kwenye karatasi.

Tuseme umepata hivi. Kivulini: nyekundu 4, kijani 48, bluu 34. Kati: 15, 115 na 80. Kwenye mng’ao: 150, 205 na 185.

Sasa rudi kwenye leya ya `gauni`, ondoa alama ya `Sample merged` ili usome leya hiyo peke yake, na usome kijivu kwenye sehemu zinazofanana na zile: mkunjo wa giza, bapa, mng’ao. Tuseme ni 45, 110 na 200. Hapa uamuzi wako kama mpiga picha ndio unaofanya kazi. Mkunjo ulio chini ya kwapa uulinganishe na mkunjo wa chini ya kwapa, usiulinganishe na wa pindoni.

Fungua `Colors > Curves`. Juu kuna `Channel`, chagua `Red`. Bofya kwenye mstari kuweka nukta, kisha andika namba zake kwenye `Input` na `Output`. Ufanye hivyo kwa rangi zote tatu:

```
Red:    45 → 4     110 → 15    200 → 150
Green:  45 → 48    110 → 115   200 → 205
Blue:   45 → 34    110 → 80    200 → 185
```

Ncha mbili za mstari, 0 na 255, ziache zilipo. Ukimaliza `Blue`, gauni la wifi limeshakuwa la zumaridi, na mikunjo yake ni ile ile iliyokuwa nayo ukumbini.

Mstari wa `Red` una hatari yake. Unakwenda bapa kwa muda mrefu kisha unapanda ghafla, na wakati mwingine programu, katika kuulainisha, huuchimba bonde kabla ya kupanda. Bonde maana yake ni kwamba sehemu yenye mwanga zaidi inapata nyekundu pungufu kuliko iliyo gizani, na kwenye kitambaa utaona utepe wa rangi ngeni ukifuata mikunjo. Ukiliona bonde, weka nukta nyingine katikati, kwa mfano 80 → 8, mstari utanyooka.

Kabla ya kubofya `OK`, tumia kitufe cha kujumlisha kilicho pembeni ya `Presets` kuhifadhi mstari huu kwa jina utakalolikumbuka. Harusi haina picha moja. Wifi yumo kwenye picha nyingine nyingi, na kwa zile zilizopigwa mahali pale pale, utatenga gauni, utapitisha `Mono Mixer`, utaita mstari uliohifadhi, na kurekebisha nukta kidogo tu. Picha za nje kwenye jua uzisomee namba zake upya, maana kivuli cha nje kina bluu ya anga ambayo ukumbini haipo.

Wekundu uliotapakaa

Zima na uwashe leya kwa kubofya kijicho chake, na uitazame picha nzima bila kuikuza. Gauni ni zuri, lakini bado kuna kitu. Angalia chini ya kidevu, upande wa ndani wa mikono, na shati jeupe la bwana aliyesimama nyuma yake. Vyote vina wekundu hafifu. Kitambaa kilikuwa kinarudisha mwanga wa rangi yake kwa kila kilichokuwa jirani, na gauni la kijani haliwezi kumulika nyekundu. Hii ndiyo sehemu ninayoijali kuliko zote katika kazi hii, kwa sababu ndiyo inayorukwa kwenye picha nyingi za mitaani, na ndiyo inayomfanya mtu atazame picha mara mbili.

Tengeneza leya mpya tupu juu ya zote na uibadilishe `Mode` iwe `LCh Color`. Leya ya namna hii inabadilisha rangi bila kugusa mwanga, kwa hiyo vivuli vya uso vinabaki vilivyo. Chagua brashi laini, `Opacity` asilimia 20. Kwa `Color Picker`, safari hii `Sample merged` ikiwa na alama, chukua rangi ya ngozi yake mahali ambapo wekundu haukufika, kwa mfano shavuni au kwenye paji la uso, usichukue panapong’aa. Pitisha brashi chini ya kidevu kidogo kidogo hadi wekundu uondoke. Mikononi chukua rangi ya mkono wenyewe, kwa sababu mkono na uso huwa havilingani, hasa siku ya vipodozi. Kwenye shati, chukua rangi ya sehemu ya shati iliyo mbali na gauni. Usiende ukaongeza kijani kidevuni ili picha iwe ya kweli zaidi. Nyekundu ikiondoka, jicho linaridhika.

Kama sakafu ni ya vigae vinavyong’aa, kivuli chekundu cha gauni kimelala miguuni pake. Hapo ndipo pa kupaka kijani, kwa leya hiyo hiyo, ukitumia rangi ya kati ya gauni kwa asilimia 30 hivi. Kitazame kivuli cha dada wa jirani na ukifananishe nacho.

Leya hiyo hiyo inamaliza na shida ya ukingo. Kuza hadi asilimia 200 na uufuate mpaka wa gauni. Utakuta uzi mwembamba mwekundu, wa pikseli moja au mbili, hata pale ulipokata vizuri. Hujakata vibaya. JPEG nyingi huhifadhi rangi kwa nusu ya ukali wa mwanga, kwa hiyo wekundu wa gauni uliingia kwenye ngozi na ukutani tangu picha ilipohifadhiwa ndani ya kamera. Ukipanua maski ili kuufunika, mkono nao utapata ukingo wa kijani. Badala yake, pitisha brashi ndogo ya leya ya `LCh Color` juu ya uzi huo, ukitumia rangi ya ngozi pale gauni linapopakana na ngozi, na rangi ya ukuta pale linapopakana na ukuta. Hapa `Opacity` ipandishe hadi 70 au 80.

Tatizo moja linaweza kubaki. Kwa kuwa umetoa rangi yote na kuirudisha kwa mstari, gauni sasa ni sawasawa mno: upande wa balbu ya njano na upande wa fleshi vina kijani kile kile. Magauni ya jirani hayako hivyo. Kama tofauti inaonekana, tengeneza leya nyingine ya `LCh Color`, chukua kijani chenye njano kutoka kwenye gauni la jirani upande wa balbu, na ukipake kwa wepesi upande ule ule wa gauni la wifi. Kama haionekani kwa umbali wa kawaida wa kutazama picha, iache.

Nguo zinazokataa

Nguo nyeupe inakubali njia hii vizuri, mradi fleshi haikuiunguza. Soma sehemu zake zenye mwanga: zikiwa 255 kwa zote tatu, hapo hakuna mikunjo iliyohifadhiwa, na rangi yoyote utakayoweka itakaa kama karatasi iliyobandikwa. Shela yenye 230 au 240 ina pa kushikia.

Nyeusi ndiyo ngumu. Kijivu chake chote kimebanwa kati ya 5 na 40, na ukiivuta nafasi hiyo ndogo hadi ienee kwenye zumaridi, unavuta pamoja nayo chembechembe na vile viboksi vya JPEG vya pikseli 8 kwa 8. Kitazame kifua kwa asilimia 100: ukiona mraba mraba badala ya uzi wa kitambaa, acha. Mwambie mteja kwamba suti nyeusi inaweza kuwa bluu ya giza au kijani cha chupa, lakini haitakuwa ya dhahabu. Ni afadhali kumwambia hivyo kabla ya kupokea malipo ya awali.

Kitenge na nguo yoyote ya maua usiipitishe kwenye `Mono Mixer`, kwa sababu utayachanganya maua na ardhi yake. Huko kuna `Colors > Map > Rotate Colors`, inayokuwezesha kushika fungu moja la rangi na kuliacha jingine, na yale madoa ya taa niliyoyaeleza utayavumilia zaidi kwa kuwa maua huyaficha.

Na kama mteja yuko peke yake kwenye picha, hakuna jirani wa kumsomea namba, mwombe kipande cha kitambaa anachokitaka. Kipige picha kwenye studio, taa zikiwa zimekaa kama zilivyokaa siku ile, ukikikunja ili kiwe na kivuli na mng’ao. Soma namba kwenye picha hiyo.

Kutoa kwa ajili ya kuchapa

Hifadhi XCF yenye leya zote, kisha `File > Export As` uandike jina lenye mwisho wa `.jpg`. Weka `Quality` 95, fungua `Advanced Options`, na kwenye `Subsampling` uchague ile ya `4:4:4`. Usipofanya hivyo, JPEG mpya itatapakaza kijani kwenye mikono uliyoisafisha kwa bidii, kwa namna ile ile kamera ilivyotapakaza nyekundu.

Zumaridi ni rangi inayong’aa kwenye skrini kuliko inavyoweza kung’aa kwenye karatasi, kwa hiyo itatoka imepoa kidogo. Itapoa kwa magauni yote sita pamoja, na ndiyo faida ya kufanya kazi kwa namba. Chapa kwanza kipande cha inchi 6 kwa 4 chenye wifi na jirani yake tu, kipeleke mlangoni kwenye mwanga wa mchana, ukitazame mkononi. Mashine ya kuchapia ikiwa nzito kwenye giza, mikunjo ya gauni la wifi inaweza kufunga mapema kuliko ya wenzake. Ikitokea hivyo rudi kwenye leya ya `gauni`, fungua `Curves` ukiwa kwenye `Value`, inua nukta ya 45 hadi 50, na uchape kipande kingine kabla ya kutoa picha kubwa.